Usisome jedwali kwenda chini

Leo nina la kusema kuhusu lile jedwali la nani azalishe nini, maana wengi wetu wa uchumi tutalifundisha muda si mrefu tukienda fildi. Kwa mtazamo wangu linafundishwa vibaya. Wanafunzi wanapewa Mwingereza na Mreno wa Ricardo wa mwaka 1817, nguo na divai, wanakariri, halafu kwenye mtihani wanachagua namba kubwa. Basi!

Mimi napendekeza tulilete Tabora. Kabla ya reli, mtu wa Unyanyembe, pale Tabora ilipo, alipata chumvi nzuri kutoka Uvinza, karibu kilomita 300 upande wa magharibi. Chemchemi zake zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Misitu ya miombo nayo ilitoa asali. Tuweke namba za kubuni, mtu mmoja kwa kiangazi kimoja, kipimo ni mizigo:

Mvinza: chumvi 12 au asali 6
Mnyanyembe: chumvi 2 au asali 4

Ukisoma kwenda chini, Mvinza anashinda kote. Hapo ndipo mwanafunzi anaandika "Mvinza azalishe vyote", na anakosa. Soma kwenda pembeni, kila mtu kwenye mstari wake, ujiulize: akifanya hiki, anaacha nini? Mvinza akipata mzigo mmoja wa chumvi anaacha nusu mzigo wa asali. Mnyanyembe kwa mzigo huohuo wa chumvi anaacha asali mizigo miwili. Hiyo ndiyo gharama ya fursa. Chumvi ni rahisi kwa Mvinza, asali ni rahisi kwa Mnyanyembe.

Tujaribu. Kila mmoja akigawa kiangazi nusu kwa nusu, jumla wana chumvi 7 na asali 5. Sasa Mnyanyembe aache chumvi kabisa, anapata asali 4. Mvinza apunguze asali moja tu, anabaki na asali 2 na chumvi 8. Jumla: chumvi 8, asali 6. Vyote vimeongezeka na hakuna aliyefanya kazi siku moja zaidi. Ona pia kwamba Mvinza hakulazimika kuacha asali yote. Angeiacha yote, jumla ingekuwa chumvi 12 lakini asali 4 tu.

Jamani, sasa njoo kwenye njia yenyewe. Chumvi moja itabadilishwa kwa asali kati ya nusu na mbili. Nje ya hapo mmoja wao ataona bora ajifanyie mwenyewe. Pengo hilo ni mzigo mmoja na nusu wa asali, na ndani yake mpagazi lazima ale, na mtemi mwenye njia achukue hongo yake. Wanyama wa mizigo walikuwa wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo ilibidi mtu abebe kichwani au begani. Wakidai nusu, biashara ipo. Wakidai mbili, jedwali ni sahihi kabisa na biashara haipo. Mwaka 1871 Mirambo alipoingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia, hakuna gharama ya fursa iliyobadilika kwenye jedwali lolote. Njia tu.

Kingine ambacho vitabu vinaruka ni msimu. Ukiweka chumvi na mtama kwenye jedwali moja, umekosea. Chumvi ilichemshwa kiangazi, maana mvua huyachuja makali maji ya chemchemi. Mtama ni wa mvua. Aliyechemsha chumvi baada ya mavuno hakuacha mtama wowote. Ndiyo maana pia Wanyamwezi wengi walishika njia ya pwani kama wapagazi wakati wa kiangazi: shamba lilikuwa limelala. Bidhaa zinazoingia kwenye jedwali ni zile zinazogombea muda uleule.

Na hili si la zamani tu. Mkulima wa Urambo au Sikonge leo anaambiwa tumbaku ndiyo zao lake. Tumbaku na mahindi vinagombea mvua ileile na mikono ileile, kwa hiyo kila kilo ya tumbaku ina mahindi yaliyoachwa, na mkulima huyo atayanunua kwa bei ya dukani. Aliyemwambia alime tumbaku alisoma namba ipi, ya pembeni au ya chini?

Mwanafunzi akitoka darasani na swali hilo moja, kwangu amefaulu. Naomba kuwasilisha. Wa kupinga karibuni, lakini njooni na namba zenu!