Laptopu Ikifa, Uliza Kwanza Ni Nini Kimekufa

Wasee, kuna neno moja ambalo fundi akilisema mapema sana, beba laptopu yako utoke: "Tuifomati tu." Nitawaambia kwa nini nimelichukia.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, saa mbili na dakika ishirini, laptopu yangu ilizimika nikiwa katikati ya sura ya tano. Hakukuwa na onyo. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha, kimya. Mwenzangu wa chumba akashika kichwa kwa niaba yangu. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa saa nne asubuhi.

Sikulia, na si kwamba mimi ni shujaa. Nilikuwa najua kitu kimoja tu: kazi yangu haikai kwa laptopu, inakaa kwa diski, na diski ni kidude tofauti kinachotoka.

Kwa hivyo swali likawa, kilichokufa ni nini? Nilichomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde thelathini, nikarudisha chaja nikajaribu tena. Wakati mwingine hiyo peke yake hufufua mashine. Yangu ilikataa: hakuna taa, hakuna feni. Hapo nikapumua. Ingekuwa taa zinawaka na feni inazunguka ila skrini nyeusi, ningeiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI, maana pengine skrini ndiyo imekufa. Lakini mashine ikikosa uhai kabisa, mara nyingi shida ni umeme au ubao mkuu, na diski haijaguswa. Kitu kingenitisha ni diski ya zamani ya kuzunguka ikianza kulia tik, tik, tik. Ukisikia hiyo, zima, usijaribu tena na tena, kwa sababu kila jaribio linaweza kuiharibu zaidi.

Fundi wa pale getini hakuwa amefunga. Aliitazama laptopu sekunde kumi, akatoa lile neno. Nikamuuliza, "Buda, utafomati aje mashine isiyowaka?" Akacheka, akaniazima bisibisi ndogo kwa mia mbili.

Tulifungua kifuniko cha chini, tukachomoa kwanza waya wa betri. Diski ilikuwa ya aina ya M.2 NVMe, nyembamba kama kipande cha chingamu, imeshikwa na skrubu moja. (Kuna laptopu nyembamba ambazo diski imechomelewa kwa ubao, hizo hazikubali mbinu hii.) Rafiki wa ghorofa ya tatu alikuwa na kijisanduku cha diski chenye waya wa USB, lakini kilikuwa cha diski pana za SATA, haikuingia. Tukagonga milango hadi saa nne na nusu ndipo tukapata cha NVMe kwa kijana mmoja wa michezo ya kompyuta.

Tukachomeka kwa laptopu ya mwenzangu. Diski ikaonekana, ikiwa na alama ya kufuli.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kukubali kufomati. Windows kwenye laptopu nyingi za siku hizi hufunga diski yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, bila wewe kukumbuka kukubali. Nywila yako ya kila siku haifungui. Inataka namba ya tarakimu 48. Nilifungua aka.ms/myrecoverykey kwa simu, nikaingia na akaunti ileile, nikalinganisha herufi za kwanza za Key ID na zile zilizo kwenye skrini, kisha nikabonyeza Enter recovery key. Mwenzangu alinisomea tarakimu sita sita kama mtu anayesoma tokeni ya stima. Kufuli likafunguka.

Folda ya Users ikaniambia sina ruhusa, nikabonyeza Continue, ikanipa. Tasnifu ilikuwepo, lakini ya saa kumi na mbili jioni, mara ya mwisho nilipohifadhi mwenyewe. Saa mbili nzima za sura ya tano, wapi! Word ikiachwa ilivyo hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi, faili inayoishia na .asd, hapa:

```
AppData\Roaming\Microsoft\Word
```

AppData imefichwa, kwa hivyo tuliwasha Hidden items kwanza. Tulifungua faili hiyo kupitia Recover Unsaved Documents ndani ya Word. Nakala ilikuwa ya saa mbili na kumi na nne. Nilipoteza dakika sita, aya moja na nusu, nikaiandika upya nikiwa bado naikumbuka.

Nilinakili kila kitu mara mbili, kwa flashi na kwa barua pepe yangu, kabla ya kugusa hata koma. Saa tatu na dakika tano asubuhi nikawasilisha.

Laptopu bado imekufa. Fundi mwingine ameniambia ni ubao mkuu, na bei aliyotaja sitaitaja hapa. Diski naitembeza kwa kijisanduku, na kwa Word ya mwenzangu nimebadilisha ile dakika kumi ikawa mbili. Hajajua bado.