Tokeo Linasomwa Lini?

Karibu kila makala ya saketi inayotufikia ina mchoro wa mashine ya hali, na mara nyingi mwandishi anatuambia kwamba mchoro wa mtindo wa Mealy ameugeuza kuwa wa Moore, au kinyume chake, bila kubadili tabia yake. Kugeuza kwenyewe si kazi ngumu. Linaloachwa bila kusemwa ni nani anayelisoma tokeo, na analisoma wakati gani. Bila jibu la swali hilo, neno "tabia" halina maana kamili.

George Mealy aliandika mwaka 1955, na Edward Moore mwaka 1956, wote wawili wakiwa Maabara za Bell. (Huyu Moore si yule wa Intel mwenye kanuni ya idadi ya transista.) Katika mashine ya Mealy, tokeo hutegemea hali iliyopo pamoja na ingizo la wakati huohuo, kwa hiyo huandikwa juu ya mshale. Katika ya Moore hutegemea hali peke yake, kwa hiyo huandikwa ndani ya duara. Makala ya Moore iliuliza jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: mtu asiyeruhusiwa kufungua kasha, anayeingiza alama na kutazama yanayotoka, anaweza kujua nini kuhusu mashine iliyomo? Hali mbili ambazo mtu huyo hawezi kuzitofautisha kwa jaribio lolote ni hali moja iliyochorwa mara mbili.

Tuchukue kasha dogo. Linapokea biti moja kwa kila pigo la saa na kutoa 1 kila linapoona mfululizo 101, na 1 inayofunga mfululizo mmoja inaruhusiwa kufungua unaofuata. Kwa Mealy hali tatu zinatosha: A, ambapo hakuna kilichoanza, B, ambapo 1 imeonekana, na C, ambapo 10 imeonekana. Kutoka A, ingizo 0 hubaki A na 1 huenda B. Kutoka B, 1 hubaki B na 0 huenda C. Kutoka C, 0 hurudi A, na 1 huenda B huku ikitoa 1. Mshale huo wa mwisho ndio pekee wenye tokeo 1; mingine yote inatoa 0.

Ili kupata mchoro wa Moore, simama kwenye kila duara na uitazame mishale inayoingia. A na C huingiwa na mishale ya tokeo 0 tu, kwa hiyo kila moja hupewa 0 na kuachwa ilivyo. B ndiyo yenye shida: mishale kutoka A na kutoka B yenyewe inakuja na 0, ule wa kutoka C unakuja na 1, na duara la Moore haliwezi kubeba matokeo mawili. Lazima B ipasuliwe: B0 yenye tokeo 0, na B1 yenye tokeo 1. Mishale inayotoka ni ileile kwa zote mbili, yaani 0 huenda C na 1 huenda B0. Sasa C ikipata 1 inaingia B1, na mchoro una hali nne.

Tuingize 11010100 katika mashine zote mbili, tukianzia A:

```
x      1 1 0 1 0 1 0 0
Mealy  0 0 0 1 0 1 0 0
Moore  0 0 0 0 1 0 1 0 0
```

Moore imetoa alama tisa kwa maingizo manane, kwa sababu hali ya kuanzia husema 0 kabla ya kupokea chochote. Ifute alama hiyo ya kwanza na mistari miwili ya matokeo inalingana. Vitabu vinapodai usawa, vinadai usawa wa namna hii. Kwenye waya, hata hivyo, hakuna wa kufuta alama: 1 ya Moore inatokea pigo moja baada ya ile ya Mealy, na hakuna ustadi wa kuchora utakaoondoa ucheleweshaji huo. Moore haiwezi kulijibu ingizo ambalo bado halijaibadilisha hali yake.

Kurudi nyuma ni rahisi zaidi. Tokeo la kila duara huhamishiwa kwenye mishale inayoliingia. Ukifanya hivyo utabaki na hali nne, lakini safu za B0 na B1 sasa zinafanana kwa kila kitu, maana 1 imehamia kwenye mshale wa kutoka C. Yule mtazamaji wa nje wa Moore hawezi tena kuzitofautisha, kwa hiyo zinaungana, na mashine ya hali tatu imerudi.

Wengi hukimbilia Mealy kwa sababu ya uhaba wa hali. Hapa hoja hiyo haisaidii sana: hali tatu zinahitaji flipflopu mbili, na nne pia zinahitaji mbili. Kinachopungua ni mageti. Tukiandika A kuwa 00, B au B0 kuwa 01, C kuwa 10 na B1 kuwa 11, biti ya kulia katika mitindo yote miwili ni nakala tu ya ingizo lililopita. Tofauti kubwa iko kwenye tokeo:

```
assign y = Q1 & x;    // Mealy
assign y = Q1 & Q0;   // Moore
```

Katika mstari wa kwanza, x inafika kwenye tokeo moja kwa moja, bila kupita kwenye flipflopu. Mashine ikiwa C, chochote kinachotokea kwenye x katikati ya mapigo kinaonekana kwenye y. Tuseme x inapanda kidogo kisha inashuka kabla ya ukingo wa saa. Mashine itasoma 0 na kurudi A, kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini y imekwisha kutoa pigo jembamba. Kama y inasomwa na flipflopu nyingine kwenye ukingo uleule wa saa, hakuna dhara. Kama mtu ameiunganisha kwenye pini ya saa ya kihesabio, kihesabio kitahesabu 101 ambayo haikuwapo. Dalili yake inaonekana kwenye osiloskopu: y inabadilika mahali pasipo na ukingo wa saa. Uigaji unaobadilisha x mara moja tu baada ya kila ukingo hautaionyesha kamwe, na ndiyo maana hatutosheki na picha za uigaji za aina hiyo.

Tiba ya kawaida ni kupitisha y ya Mealy kwenye flipflopu moja ya ziada. Pigo jembamba linatoweka, na tokeo linachelewa kwa pigo moja. Ukiihesabu flipflopu hiyo kuwa sehemu ya hali, umeshatengeneza mashine ya Moore, ila kwa flipflopu tatu badala ya mbili.

Kwangu mimi, Moore ndiyo iwe chaguo la kwanza pale tokeo linapotoka nje ya saketi au linapoingia mahali pasipotumia saa hiyohiyo. Mealy inastahili pale ambapo jibu lazima litoke ndani ya pigo lilelile, kama vile mpokeaji anayepaswa kumwambia mtumaji mara moja kwamba hana nafasi. Hapo pia kuna mtego. Tokeo la Mealy moja likiwa ingizo la Mealy ya pili, na la pili likarudi kuwa ingizo la kwanza, huenda pakawa na mzunguko wa mageti usio na flipflopu hata moja ndani yake. Saketi ya namna hiyo inaweza kutetema au kuganda, na michoro miwili ikitazamwa mmojammoja haionyeshi kosa lolote. Kuigeuza mashine moja kuwa Moore kunaukata mzunguko huo, kwa gharama ya pigo moja ambalo yule wa upande wa pili lazima ajulishwe.

Kuanzia toleo lijalo, mchoro wowote unaodai kuwa sawa na mwingine uje na jedwali kama lile la hapo juu, lenye alama ya kwanza isiyofutwa, na useme ni ukingo upi wa saa tokeo linaposomwa.