Nauli ya Mwanafunzi na Kitambulisho Kinachodaiwa Kaunta

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania



Nauli ya vijana na nauli ya mwanafunzi hutangazwa pamoja, na wanunuzi wengi hudhani ni kitu kimoja. Nauli ya vijana inategemea umri peke yake. Shirika la ndege huweka kikomo cha chini na cha juu, na kijana aliye ndani ya vikomo hivyo anastahili, awe anasoma, anauza dukani au hana kazi. Ushahidi wake ni tarehe ya kuzaliwa iliyomo kwenye pasi, ambayo abiria wa safari ya nje lazima awe nayo kwa vyovyote. Kwa hiyo nauli hii haizui mabishano mengi. Linalohitaji kuangaliwa ni siku ya kuhesabia umri, kwa kuwa mashirika mengi huutazama siku ya kuanza safari, si siku ya kulipia tiketi.

Nauli ya mwanafunzi ina shida zaidi, maana hadhi ya mwanafunzi haimo kwenye pasi. Imo kwenye kadi ya chuo, barua ya udahili au kadi ya kimataifa ya ISIC, na kila moja ina tarehe zake. Shirika linapoandaa nauli ya aina hii, huiwekea masharti. Katika mfumo wa ATPCO, ambao mashirika mengi huutumia kusambaza nauli zao kwa mawakala, sharti la nani anastahili huandikwa katika kundi la kwanza la masharti, na faini za kubadilisha au kufuta safari katika kundi la kumi na sita. Katika kundi la kwanza ndimo hutajwa umri na aina ya kitambulisho kinachotakiwa. Wakala makini huyasoma kabla ya kutoa tiketi na hubaki na nakala ya kadi. Mnunuzi anayelipia kwa simu yake mara nyingi huona sentensi moja tu: "Kitambulisho halali kinahitajika."

Mtandaoni, uthibitisho wenyewe huwa mwepesi mno. Emirates, kwa mfano, imekuwa ikiwauzia wanafunzi wa miaka 16 hadi 31 nauli maalumu kwa kuandika neno STUDENT kwenye nafasi ya msimbo wa punguzo. Neno hilo ni la wazi na yeyote anaweza kuliandika. Ushahidi, yaani kitambulisho halali cha mwanafunzi au barua ya kukubaliwa chuoni, unasubiriwa uwanja wa ndege. Wapo wauzaji wanaotaka uthibitisho kabla ya malipo, kupitia barua pepe ya chuo au kwa kupakia picha ya kadi. Njia hiyo inasumbua dakika kumi, lakini abiria anayekataliwa hukataliwa akiwa nyumbani, fedha zake zikiwa bado mfukoni.

Ugumu unaonekana vizuri katika safari ya mwanafunzi wa kubuni kutoka Mwanza aliyepata nafasi Bengaluru, India. Anakata tiketi ya kwenda na kurudi yenye uhai wa mwaka mmoja. Siku ya kuondoka hana kadi ya chuo, kwa sababu kadi hutolewa baada ya usajili, na usajili unafanyika huko anakokwenda. Mkononi ana barua ya udahili na viza ya masomo. Kama masharti yametaja "kitambulisho cha mwanafunzi" bila zaidi, uamuzi unabaki kwa mhudumu wa kaunta. Mmoja atapokea barua, mwingine ataikataa, na wote wawili watakuwa wamesoma sentensi ileile. Hili ni kundi kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio ambao karibu kila mwanafunzi wa nje husafiri, tena na mzigo mwingi kuliko mwaka wowote mwingine.

Anayemaliza ana tatizo la upande wa pili. Alipokata tiketi alikuwa na kadi halali, lakini anarudi nyumbani wiki tatu baada ya mtihani wa mwisho, kadi ikiwa imepita muda. Je, uhalali unahesabiwa siku ya kununua, siku ya kuanza safari, au kwa kila kipande cha safari? Masharti yaliyoandikwa vizuri hulijibu swali hilo. Yasiyolijibu humwacha abiria akidaiwa tofauti ya nauli, na tofauti hiyo ikihesabiwa kwa bei ya siku ya safari, viti vya bei nafuu vikiwa vimekwisha, inaweza kumeza punguzo lote na kuzidi. Kadi za vyuo vyenyewe hazisaidii sana. Nyingine hubeba namba ya usajili inayoanza na mwaka wa kuingia, kwa hiyo mhudumu anaona mwenye kadi alianza lini lakini haoni anamaliza lini. ISIC ina tarehe ya mwisho iliyochapwa wazi, ila si kila mwanafunzi anayo, na kuipata ni gharama nyingine.

Thamani ya punguzo nayo inafaa kupimwa kwa penseli. Punguzo hukatwa kwenye nauli msingi, si kwenye kodi na tozo. Tuseme nauli msingi ni dola 400, kodi na tozo dola 180. Asilimia 10 ya nauli msingi ni dola 40, na tiketi inashuka kutoka dola 580 hadi 540, yaani chini kidogo ya asilimia 7. Nauli ya promosheni ya kawaida ikiuzwa dola 520, mwanafunzi anayetazama bei pekee ataichukua hiyo. Faida ya kweli mara nyingi imo kwenye kilo za ziada za mzigo au ruhusa ya kubadilisha tarehe bila faini, mambo yenye maana kwa mtu ambaye ratiba ya mitihani yake hupanguliwa wakati wowote. Faida hizo nazo hupotea hadhi ikikataliwa kaunta: kilo zilizofungashwa kwa kutegemea nauli hiyo hugeuka mzigo wa kulipia.

Mashirika yana haki ya kujilinda. Nauli ya mwanafunzi ikiuzwa kwa kila mtu, haina sababu ya kuwepo, na kadi za kughushi si hadithi. Lakini ulinzi huo hauhitaji kusubiri kaunta. Mamlaka inaombwa kuwataka mashirika na mawakala wanaouza tiketi Tanzania waonyeshe, kabla ya malipo na kwa Kiswahili pia, hati zinazokubaliwa kwa majina yake, barua ya udahili ikiwemo kwa anayeanza masomo, pamoja na siku ambayo hati lazima iwe hai. Hati ikishakaguliwa, ukaguzi uandikwe kwenye rekodi ya safari ili mhudumu wa uwanjani auone, na kipande cha kurudi kisidai ushahidi mpya. Anayeshindwa kuthibitisha alipe tofauti kwa bei iliyokuwepo siku aliyonunua tiketi, apewe risiti yenye sababu iliyoandikwa. Akitaka kulalamika kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza atakayoombwa, na kwa sasa wengi huondoka kaunta bila kupewa.