Mtafsiri asiipambe barua ya mwalimu wako

Wasee, kila mtu akitafuta skolashipu ya majuu anaambiwa, "Mwambie tu mwalimu aandike Kizungu." Mimi napinga. Kama mwalimu wako wa sekondari anakueleza vizuri kwa Kiswahili, aandike Kiswahili. Barua huharibikia kwingine.

Chukua ya binamu yangu. Mwalimu wake aliandika: "Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, mtiifu na mwaminifu." Sisi tukisoma hapo tunasikia sifa kubwa. Sasa mtafsiri akachukua "mwaminifu" akaipa neno la Kiingereza la mtu anayeshika imani, kama wa kanisani. Kumbe mwalimu alimaanisha pesa! Huyu dada ndiye alishika hela za safari ya darasa, na hesabu ikatoka sawa hadi shilingi ya mwisho. "Mtiifu" nayo ikawa mtu anayefuata amri, na kamati inayotafuta watu wa kujianzishia mambo itapita hapo bila kusimama.

Lakini kali zaidi ni hii. Kiswahili hakisemi kama "alisoma" ni mwanamume au mwanamke. Mtafsiri hakuwahi kumuona, akamfanya mvulana barua nzima. Pasipoti inasema ni mwanamke. Ukiwa kwa kamati si utadhani barua ni ya mtu mwingine?

Kuna wenye wangemwambia mtafsiri aongeze chumvi kidogo. Hapana, bana. Mtafsiri anaweka sahihi kwamba tafsiri yake inalingana na barua asili, na mara nyingi hiyo asili huambatishwa. Mtu mmoja anayejua Kiswahili akizilinganisha, anayechomeka ni mwombaji. Ndiyo maana pia hufai kujitafsiria, hata kama Kiingereza chako ni moto.

Dawa iko kwa mwalimu. Binamu alirudi shuleni akamwomba aandike "msichana huyu" mapema kwenye barua, aseme uaminifu ulikuwa wa pesa gani, na badala ya "mtiifu" aweke tukio moja aliloliona mwenyewe.

Mwalimu akakumbuka kidato cha tatu. Darasa lilikuwa na wanafunzi 54 na nakala 9 tu za riwaya. Msichana huyu akagawa darasa vikundi vya watu 6, kila mmoja akae na kitabu siku 2, na kila kitabu kikibadilisha mikono inaandikwa daftarini. Baada ya siku 12 kila mtu alikuwa amepata zamu yake, na hakuna nakala iliyopotea. Sasa hapo hata mtafsiri mvivu ataharibu nini? 54 ni 54 kwa lugha yoyote.

Barua mpya ikapigwa muhuri, na mtafsiri akaonyesha kwenye tafsiri mahali muhuri na sahihi zilipo. Kabla itumwe, mwalimu aliisoma tafsiri yenyewe. Akapata jina la shule limegeuzwa Kiingereza, halifanani tena na lile la cheti cha KCSE. Likarudishwa lilivyokuwa.