Kamera za Ulinzi Zinapoziba Njia ya Intaneti

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hata Rusumo na Kabanga, mipakani mwa wilaya ya Ngara. Lakini nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo hazikuunganishwa na mkongo wenyewe. Hupata intaneti kwa rauta ya laini ya simu, na hapo ndipo njia inapokuwa nyembamba. Tena njia hiyo ina pande mbili zisizo sawa: upande wa kupokea ni mpana, na upande wa kupeleka ni mdogo.

Tuseme baba mmoja wa Ngara mjini ana laini ipokeayo megabiti 20 kwa sekunde na kupeleka megabiti 3 tu. Ameweka kamera mbili, moja dukani na moja uani, na kila moja yapeleka picha zake mtandaoni usiku na mchana kwa megabiti 1 kwa sekunde. Jioni wanawe warudipo, simu zao nazo huanza kupeleka nakala za picha na video mtandaoni. Wakati huohuo binti yake ataka kupakua mitihani ya miaka iliyopita, na ukurasa haufunguki. Baba huenda akanunua kifurushi kikubwa zaidi, na hali haibadiliki. Kwa nini?

Sababu ni kwamba kupakua nako kwahitaji kupeleka. Kila mafungu ya habari yanapofika, kompyuta ya binti hurudisha stakabadhi ndogo kumwambia mpelekaji, “Yamefika.” Mpelekaji huruhusiwa kutuma kiasi fulani tu kabla ya kupata stakabadhi, akishafikia kiasi hicho, husimama akingoja. Stakabadhi ni ndogo mno, lakini hutoka kwa mlango uleule utokeao picha za kamera.

Sasa tazama foleni. Rauta haitupi mara moja kisichopata nafasi ya kutoka, bali hukiweka akiba. Ikiwa akiba hiyo imejaa megabiti 12, na mlango watoa megabiti 3 kwa sekunde, basi stakabadhi ifikayo nyuma ya foleni itangoja sekunde 4. Tuseme mpelekaji aruhusiwa kutuma megabiti 8 kabla ya kujibiwa. Jibu likirudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, laini yote ya megabiti 20 yaweza kujaa. Likirudi baada ya sekunde 4, hawezi kupita megabiti 2 kwa sekunde. Hivyo sehemu tisa katika kumi za njia pana zimekaa bure, wala hakuna aliyeziiba. Ndiyo maana kifurushi kikubwa hakikumfaa baba yule.

Kulithibitisha jambo hili si kazi kubwa. Katika kompyuta, andika amri hii:

```
ping 8.8.8.8
```

Utazame namba ifuatayo `time=`, nayo ni muda wa kwenda na kurudi kwa sehemu za elfu za sekunde. Kisha zizime kamera na uzuie simu zisipeleke nakala, upime tena. Namba ikishuka kutoka elfu kadhaa hata mia moja au chini yake, mkosaji yumo nyumbani. Isiposhuka, yamkini mnara wenyewe umeelemewa na watu wengi, na dawa zifuatazo hazitasaidia.

Dawa ya kwanza ni kamera irekodi katika kadi yake ya kumbukumbu, na ipeleke mtandaoni pale tu ionapo kitu kinatembea. Megabiti 1 kwa sekunde pasipo kupumzika ni gigabaiti zipatazo 10 kwa siku kwa kamera moja, nazo hulipiwa. Lakini mwizi akiichukua kamera yenyewe, kadi nayo imekwenda. Kwa hiyo usizime kabisa kupeleka picha za mwendo. Ya pili ni kuzipangia nakala za simu saa za usiku, watu walalapo.

Ya tatu ni kwa mwenye rauta iliyo na sehemu iitwayo `SQM`. Humo huandikwa kiasi cha kupeleka kilicho pungufu kidogo ya uwezo wa laini, kama sehemu tisa katika kumi, ili foleni isijae na stakabadhi zipite. Rauta nyingi za bei nafuu hazina sehemu hiyo. Tena nguvu ya laini ya simu hubadilika saa kwa saa. Basi pima saa ile iliyo mbaya kuliko zote, maana kipimo cha alfajiri kitakuwa kikubwa mno ifikapo jioni, na foleni itarudi kama ilivyokuwa.