Embe la Njano Lisilonukia

SOKONI NA JIKONI
Na Zuhura Kibwana

Basi likisimama Mikumi, kabla dereva hajazima injini, mabeseni ya maembe yameshainuliwa hadi madirishani. Jumamosi iliyopita nilikuwa narudi Morogoro kutoka Iringa. Mama aliyeketi kando yangu akanunua maembe matano, akampa mwanawe moja. Mtoto akang'ata ncha, akalivuta ganda kwa meno kama wafanyavyo watoto wote, maji ya embe yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mama akaninyooshea lingine. "Karibu embe, dada."

Nililipokea, nikaligeuza. Lilikuwa njano tupu kuanzia juu hadi chini, na katika kishimo cha kikonyo palikuwa na unga mweupe wa kijivu. Nikamwambia, "Mama, haya tuyaoshe kwanza." Tukayamwagia maji ya chupa dirishani. Njia nzima hadi Morogoro tulizungumzia maembe, na yale niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika leo.

Unga ule ungeweza kuwa vumbi la barabarani. Ungeweza pia kuwa mabaki ya kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyatumia kutengeneza gesi. Kwa macho pekee hakuna awezaye kuapa. Ndiyo maana simtuhumu muuzaji yeyote wa Mikumi wala wa Kilosa. Nataka mnunuzi ajue cha kutilia shaka na cha kufanya, na muuzaji ajue anachokihatarisha akishawishiwa kutumia mawe hayo.

Embe, ndizi, papai na parachichi ni matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa. Tunda lililokomaa hutoa lenyewe gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliamsha: wanga hugeuka sukari, ganda hubadilika rangi, nyama hulainika, harufu huanza kutoka. Kabaidi ikipata unyevu, hata ule wa jasho la matunda yaliyofunikwa, hutoa gesi nyingine iitwayo asetilini. Gesi hii huiga kazi ya ethilini, ingawa nguvu yake ni ndogo zaidi, hivyo huhitajika nyingi. Mfanyabiashara anayeitumia hufunga vipande vya kabaidi ndani ya karatasi au kitambaa, huviweka katikati ya matunda mabichi, kisha hufunika turubai. Matunda yanabadilika rangi mapema.

Lawama kubwa haiko kwenye asetilini yenyewe. Kabaidi ya mafundi haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndani yake huwa na masalia ya aseniki na fosforasi, ambayo hutoka pamoja na gesi, na aseniki ni sumu. Kinachobaki baada ya gesi kutoka ni chokaa, ileile jamii ya chokaa ya kupakia kuta, ambayo huunguza midomo, macho na ngozi yenye unyevu. Nchini India kuivisha matunda kwa kabaidi kumepigwa marufuku, na marufuku hiyo imo pia katika kanuni zao za usalama wa chakula za mwaka 2011. Waivishaji wa huko huruhusiwa kutumia ethilini yenyewe, kwa kipimo kisichozidi sehemu 100 katika milioni moja za hewa.

Anayeumia kwanza ni yule anayeishika. Kilo moja ya kabaidi hutoa karibu lita 300 za asetilini, na gesi hiyo hulipuka ikichanganyika na hewa hata ikiwa kidogo. Stoo iliyofungwa, gunia la kabaidi na koroboi inayowaka usiku vikikutana, nyumba inaweza kwenda. Unga wake ukiingia jichoni, mwagia jicho maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukoma, kisha kimbilia zahanati.

Sasa tutilie shaka vipi? Anza na jambo moja: rangi na utamu havisafiri pamoja. Gesi inaweza kulibadilisha ganda la embe ambalo halijakomaa, lakini haiwezi kulipa wanga ambao mti haujalijaza. Ndizi mbichi iliyokomaa ina wanga karibu asilimia 20 ya uzito wa nyama yake, na wanga huo ndio unaogeuka sukari ikiiva. Embe lililochumwa changa halina akiba ya kutosha. Linavaa sare ya embe bivu tu.

Nilipofika nyumbani nilikata embe langu la Mikumi pamoja na dodo ambalo shangazi alinitumia kutoka Kilosa, lililoangushwa mtini kwa upondo na kuiva ndani ya tenga la majani makavu. La Mikumi lilikuwa njano sawia pande zote, gumu likibonyezwa, na nililinusa kwenye kikonyo bila kupata harufu. Ndani, nyama ya karibu na ganda ilikuwa njano hafifu, lakini kuizunguka kokwa ilikuwa nyeupe, na ladha yake ilikuwa chachu iliyokwaruza ulimi. La shangazi lilikuwa na mabega ya kijani na doa jeusi shavuni, mtu angelipita sokoni. Lakini lilinukia chumba kizima, na kisu kilipoingia, rangi ya chungwa ilikuwa ileile kutoka ganda hadi kokwa.

Basi zitazame dalili zikija pamoja. Njano iliyosawazika kupita kiasi, ugumu, kukosa harufu, weupe kuzunguka kokwa. Kwa ndizi, ganda linalong'aa njano huku kikonyo kikiwa kijani kibichi. Tunda lililonunuliwa likiwa gumu ambalo kesho yake lina mabaka meusi bila kupitia utamu. Unga wa kijivu kwenye mikunjo, na juu ya yote harufu inayofanana na ya kitunguu saumu unapofungua tenga au boksi. Harufu hiyo hutokana na masalia yale ya kabaidi, nami nikiinusa sinunui. Angalia pia kalenda: embe la njano linalojaa mezani wiki kadhaa kabla ya msimu wa Novemba hadi Februari linastahili swali.

Hata hivyo dalili moja peke yake si hukumu. Ndizi iliyoivishwa kwa ethilini halali nayo inaweza kubaki na kikonyo kijani. Michirizi inayonata kwenye bega la embe ni utomvu uliokauka, si kabaidi. Na lile jaribio la kutumbukiza embe kwenye ndoo, kwamba likielea lina kabaidi, lisikudanganye. Embe lililokomaa ni zito na kwa kawaida huzama, changa huelea. Ndoo inakueleza ukomavu, haikuelezi kilichowekwa ndani ya tenga.

Tuje kwenye kuosha. Mabaki ya unga hukaa juu ya ganda, hasa kwenye kishimo cha kikonyo na mahali ndizi zinaposhikana. Ukiona chembe za mawe, usilitumbukize tunda kwenye maji, na usilipeleke karibu na jiko. Kama ni chembe halisi za kabaidi, zikilowa zitachemka na kutoa gesi. Tunda la namna hiyo mimi silioshi, nalirudisha au nalitupa. Lisilo na chembe, nawa mikono kwanza, kisha lioshe chini ya bomba. Kama bomba halitoki, mtu mmoja amimine maji kwa kopo, mwingine asugue. Sugua kwa viganja nusu dakika, ukiligeuza, na upitishe kidole ndani ya kishimo cha kikonyo. Suuza tena, futa kwa kitambaa safi, kisha kata sehemu ya kikonyo na uitupe.

Usiloweke maembe kumi kwenye beseni moja, maana uchafu wa moja unakuwa wa yote. Sabuni ya unga na dawa ya madoa si vitu vya kuoshea tunda. Chumvi na siki havina uwezo maalumu wa kuondoa aseniki. Maji yanayotiririka na msuguo wa mkono ndivyo vinavyofanya kazi. Yawe maji unayoyaamini kuyanywa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwani kuosha embe kwa maji ya mtaro ni kukimbia unga na kukaribisha kipindupindu.

Baada ya kuosha, menya kwa kisu. Kumenya huondoa ganda pamoja na kilichoganda juu yake, vizuri zaidi kuliko ulowekaji wowote. Hata ndizi ioshwe kabla ya kumenywa, kwa kuwa vidole vilivyoshika ganda ndivyo vitakavyoshika nyama. Yule mtoto wa kwenye basi alikuwa analivuta ganda kwa meno, yaani mdomo wake ulifika kwenye unga kabla ya kufika kwenye embe. Lakini kuosha kuna mpaka wake: hakutoi kilichokwisha kupenya ndani, wala hakulipi tunda changa utamu. Likiwa jeupe kwenye kokwa na linakwaruza ulimi, liache.

Njia iliyo salama zaidi tunayo tangu zamani, na jina lake tunalo: kuvundika. Nunua maembe yaliyokomaa yakiwa bado mabichi. Utayajua kwa mabega yaliyojaa na kuinuka pembeni ya kikonyo. Yapange ndani ya tenga au boksi lenye majani makavu, weka ndizi mbivu moja au mbili katikati, funika kwa gunia la katani linalopitisha hewa, weka kivulini. Ndizi mbivu itatoa ethilini yake na kuyaamsha maembe. Kagua kila siku, toa lililooza, na baada ya siku tatu hadi tano yataanza kunukia. Ndizi zinazotoka bonde la Kilombero kupitia Mikumi nazo huvundikwa vivyo hivyo.

Najua kwa nini muuzaji anashawishika. Siku tatu za kusubiri ni siku tatu za kukosa mauzo, na abiria ananunua kwa macho. Kwa hiyo sehemu ya dawa iko mikononi mwetu tunaonunua. Tukiacha kuilipia njano na kuanza kuilipia harufu, mama mwenye beseni hatakuwa na sababu ya kuharakisha. Ukikuta mawe au unga wa kabaidi kwenye tenga, usipigane na mtu. Lihifadhi tunda kwenye mfuko mkavu, kumbuka mahali na siku, umpelekee bwana afya wa halmashauri au ofisi ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA. Maabara ndiyo itakayohukumu.

Tulipofika stendi ya Msamvu, yule mama alikuwa amebakiwa na maembe matatu. Aliyanusa moja moja kwenye kikonyo, akarudisha mawili kwenye mfuko, la tatu akalitupa. Mwanawe akauliza la nani lile lililotupwa. Akamjibu, "Halina harufu, baba. Tutanunua lingine."