Mashine Haikuahidi Kusoma Kila Neno

Katibu wa chama cha ushirika anaskani daftari la mihtasari la miaka ya sitini, analipitisha kwenye programu ya kusoma mwandiko wa mkono, kisha anafungua matokeo. Kwenye mstari wa tatu anakuta "Wanachana" badala ya "Wanachama". Hapo hapo anatoa hukumu: programu haifai, pesa imeliwa, turudi kwa karani. Hukumu hii nimeisikia kwa wasomi na kwa wasio wasomi, na naipinga. Imejengwa juu ya imani kwamba mashine ikishaitwa ya kusoma, basi isome kila neno sawasawa, na ikikosea moja imekosa yote.

Imani hiyo ina asili yake. Watu wameona programu ikisoma kitabu kilichopigwa chapa bila kukosea sana, wakadhani mwandiko wa mkono ni jambo lile lile lenye wino mchafu kidogo. Wengine wamesikia sifa za mashine zinazotambua tarakimu. Sifa hizo ni za kweli: kwenye mkusanyo maarufu wa MNIST, wenye picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, programu nzuri hukosea chini ya moja katika kila mia. Lakini kule kila tarakimu imekatwa peke yake, ikawekwa katikati ya kijisanduku chake. Katika daftari la katibu hakuna aliyekata chochote. Herufi zimeshikana, mstari unapanda kuelekea pambizoni, wino wa ukurasa wa nyuma umepenya mbele, na neno lililofutwa lina neno jingine juu yake. Kabla ya kusoma herufi hata moja, programu inabidi itafute mistari iko wapi. Ikiunganisha mistari miwili kuwa mmoja, hakuna werevu wa kusoma utakaouokoa mstari huo.

Sasa tuje kwenye asilimia, maana ndipo mgeni anapopotea zaidi. Akiambiwa programu ina usahihi wa asilimia 95, anaelewa kwamba katika maneno mia itakosea matano. Sivyo. Kwa kawaida kinachohesabiwa ni herufi. Unachukua nakala sahihi iliyoandikwa na mtu, unahesabu herufi zilizobadilishwa, zilizorukwa na zilizoongezwa na mashine, kisha unagawanya kwa idadi ya herufi za nakala sahihi, nafasi na alama zikiwemo. Ukurasa wenye herufi 1,500 ukisomwa kwa usahihi wa asilimia 95 una makosa 75. Kama makosa hayo yangetawanyika kila moja kivyake, neno la herufi sita lingekuwa na nafasi ya asilimia 74 hivi ya kutoka salama, na neno la herufi kumi asilimia 60 tu. Kwa kweli makosa hupenda kurundikana kwenye maneno yaliyoandikwa vibaya, kwa hiyo hali huwa nafuu kuliko hesabu hiyo. Hata hivyo, Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na maneno yake marefu yanaumia kuliko mafupi.

Chukua mstari huu wa mfano: "Wanachama watalipwa shilingi 35 kabla ya Idi." Ukihesabu nafasi na nukta, ni alama 45. Programu ya kwanza inatoa: "Wanachana watalipwa shilingi 35 kabra ya Idi." Ya pili inatoa: "Wanachama watalipa shilingi 85 kabla ya Idi." Kila moja ina makosa mawili katika alama 45, yaani asilimia 4.4, na kila moja imeharibu maneno mawili kati ya saba. Kwenye jedwali la matokeo zinalingana kabisa. Lakini ya kwanza mtoto wa darasa la tano ataisoma na kuielewa. Ya pili imemgeuza anayedai kuwa anayedaiwa, na kumwongezea shilingi hamsini juu yake.

Katibu wetu angeikataa ya kwanza na kuifurahia ya pili. "Wanachana" inamchoma macho. "Watalipa" inapita bila kuulizwa, na hakuna kikagua tahajia kitakachoipigia mstari mwekundu, kwa kuwa ni neno halali. Hili ndilo kosa la kuogopwa. Programu za siku hizi, zinazosoma huku zikikisia neno gani lingefaa kufuata, zimepunguza makosa ya aina ya "kabra". Lakini kwa gharama: zikishindwa, mara nyingi zinashindwa kwa Kiswahili safi. Zinaweza hata kuandika neno ambalo halimo kabisa kwenye ukurasa, kwa sababu tu lingependeza pale. Kwa hiyo matokeo yanayosomeka vizuri si ushahidi kwamba yamesomwa vizuri, na anayepima kazi kwa kuangalia kama sentensi "zimekaa sawa" anapima ufasaha wa mashine, hajapima daftari.

Basi mtu atarajie nini? Kwa mwandiko ambao programu haijawahi kuuona, atarajie matokeo mabaya, wala asikasirike. Wenye programu ya Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck huko Austria, wamekuwa wakishauri kwamba ili kuifundisha mwandiko fulani uipe maneno kama 5,000 hadi 15,000 yaliyonakiliwa na mtu kwa usahihi. Hayo ni makumi ya kurasa za kazi ya mkono kabla mashine haijaanza kukusaidia. Baada ya mafunzo hayo, makosa ya herufi chini ya asilimia 10 tayari yanafaa kwa kutafutia, na chini ya 5 ni kazi nzuri. Kushuka sana chini ya hapo ni kwa mwandiko nadhifu wa mtu mmoja, na ukifika huko shukuru.

Kufaa kwenyewe kunategemea unataka nini. Ukitafuta kila mahali palipotajwa bei ya pamba, makosa ya asilimia 8 hayatakuzuia, kwani neno "pamba" litatokea mara nyingi na mashine haitalikosa kila mara; utafungua picha na kusoma mwenyewe. Ukitaka kuchapisha mihtasari kama kitabu, au kuamua nani alimiliki hisa ngapi, hata asilimia 1 ni nyingi. Majina, tarehe na fedha lazima yapitiwe na macho ya mtu, picha ikiwa pembeni. Majina hasa, kwa kuwa hayana kamusi wala sentensi ya kuyategemea. Na karani anayetakiwa kurudishwa kazini naye hakosi kukosea. Wape watu wawili ukurasa mmoja uliofifia, watagombana juu ya neno lile lile. Tofauti ni kwamba karani mwangalifu huweka alama ya kuuliza alipotilia shaka, wakati maandishi ya mashine mara nyingi yanakufikia bila alama yoyote.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usiulize kama programu inasoma kila neno. Chagua mistari kama mia kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa daftari, kwa kubahatisha, wala usichague kurasa nzuri. Inakili mwenyewe kabla hujaona mashine imeandika nini. Hesabu makosa, kisha yatenge: yapi yanaonekana kwa macho na yapi yamejificha ndani ya maneno halali. Na akija muuzaji anayekuahidi usahihi wa kila neno, mpe zile kurasa zako tatu mbaya kuliko zote, kaa naye, mhesabu pamoja.